Mshahara ulioachwa nyumbani: kisa cha wanandoa wawili na mpango wao wa fedha

Walipokuja kuniona, uamuzi ulikuwa umeshakatwa. Mke ataacha kazi, abaki nyumbani na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miwili. Yule mdogo alikuwa na udhaifu wa misuli ya miguu, na mtaalamu wa viungo alikuwa amewaelekeza mazoezi ya kumfanyia mara tatu kwa siku. Walichotaka kwangu kilikuwa kidogo tu, niwasaidie kupanga matumizi ya nyumba kwa mshahara mmoja. Nimeandika kisa chao kwa ruhusa yao, nikibadilisha mambo ambayo yangewatambulisha. Fedha nimezigeuza kuwa vipimo: mshahara wa mume kabla ya makato nimeuita 100 kwa mwezi, na wa mke 70. Kila namba nyingine ya fedha hapa chini ipimwe kwa hiyo 100.

Mume alikuwa na karatasi yenye hesabu iliyowafikisha kwenye uamuzi. Mke analipwa 70. Akikatwa kodi 6 na mchango wa pensheni 7, anabakiwa na 57 mkononi. Kituo cha kulelea watoto, pamoja na mtu mwenye ujuzi wa kumfanyia mdogo mazoezi, ni 40. Nauli, chakula cha mchana na mavazi ya kazini ni 8. Kinachobaki ni 9. "Dada," akaniambia mume, "mtu aamke alfajiri mwezi mzima kwa ajili ya tisa?"

Hesabu ile naiona mara nyingi, na karibu kila mara ina makosa yaleyale mawili.

La kwanza ni kwamba gharama ya kulea watoto imetolewa kwenye mshahara wa mama peke yake, utadhani baba hana watoto. Ile 40 ingepaswa kutolewa kwenye kapu la wote wawili. Ukiitoa kwa mmoja, mshahara wake unaonekana kama makombo, na ule wa mwenzake unabaki mzima.

La pili limejificha zaidi. Ile 7 ya pensheni aliyokatwa mke haikuwa imepotea, ilikuwa inamsubiri uzeeni. Juu yake mwajiri alikuwa anaongeza 7 nyingine ambayo haikuonekana popote kwenye karatasi ya mume, kwa sababu haikuwahi kupita mkononi mwao. Kwa hiyo kuacha kazi hakukuwa kunawagharimu 9 kwa mwezi, bali 9 na 14, yaani 23. Na hapo hatujagusa nyongeza za mshahara ambazo hatazipata, wala ule mshahara wa chini ambao mtu huanza nao akirudi baada ya miaka kadhaa nje. Tena ile 40 ya kituo isingedumu, maana mkubwa angeanza shule baada ya miaka miwili na gharama ingeshuka. Walikuwa wamelinganisha mwaka mgumu kuliko yote wa malezi na maisha mazima ya kazi ya mama.

Sikuwaambia wabadilishe uamuzi. Mtoto alihitaji mazoezi, mama ndiye aliyejifunza kuyafanya vizuri, na wote wawili walitaka iwe hivyo. Niliwaambia kwamba huu ni uamuzi wa familia ambao hasara yake yote imeangukia kwenye uzee wa mtu mmoja, na hilo ndilo la kurekebisha. Tulipiga hesabu ya miaka mitano, muda waliofikiri mama atakaa nyumbani. Michango ya 14 kwa miezi 60 ni 840, zaidi ya mishahara minane mizima ya mume. Fedha hiyo ikikaa miaka 20 na kukua kwa asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumko wa bei, inazidi mara mbili. Mke alikaa kimya akiitazama ile 840. Mume akasema neno ambalo nimelisikia kwa watu wengi wema: "Lakini mke wangu, changu si ndicho chako?"

Akamjibu kwa upole, "Baba watoto, najua. Lakini kimeandikwa wapi?"

Swali hilo lilituongoza siku zote zilizofuata. Wanandoa wanaweza kuahidiana kwa moyo safi kabisa, na bado mmoja akabaki mikono mitupu, kwa sababu kifo, ugonjwa, madeni na talaka haviulizi watu waliahidiana nini. Vinaangalia jina gani limeandikwa kwenye akaunti, kwenye hati ya nyumba na kwenye fomu ya pensheni. Mtu anayebaki nyumbani analindwa na kile ambacho tayari kimehamia kwenye jina lake, mwezi kwa mwezi.

Kabla ya kuhamisha chochote, mke akiwa ameshaacha kazi, niliwaomba waandike daftari la saa kwa wiki mbili. Kila mmoja aandike kila baada ya nusu saa alichokuwa anafanya, na pembeni aandike jambo la pili alilokuwa anafanya kwa wakati huohuo. Safu hiyo ya pembeni ni muhimu. Ukurasa mmoja wa mke, saa kumi na mbili na nusu jioni, ulisomeka hivi: "Napika." Pembeni: "Mdogo yuko sakafuni jikoni, mguu wa kulia, mikunjo ishirini, nahesabu kwa sauti. Mkubwa ananiuliza herufi." Kwenye jumla, nusu saa hiyo tuliihesabu mara moja tu, kwa kuwa siku haina saa zaidi ya 24. Lakini safu ya pembeni ndiyo iliyomwonyesha mume kwa nini msaidizi mmoja wa kawaida asingeweza kushika nafasi ile.

Jumla ya wiki ilikuwa hivi. Mke alifanya saa 62 za kazi ya mikono na miguu, mbali na saa kama 40 za kuwa karibu tu na watoto, ikiwemo kuamka usiku. Mume alifanya saa 45 kazini, 6 za njiani, na 9 za kazi za nyumbani, jumla 60. Hakuwa mvivu. Lakini ile sentensi aliyokuwa akiitumia mbele ya watu, kwamba mke wake "kwa sasa hafanyi kazi", haikuweza kusimama tena. Hata wanatakwimu wameshaiacha. Mwaka 2013, mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi chini ya Shirika la Kazi Duniani ulipitisha maana mpya ya kazi, inayojumuisha upishi, usafi na malezi ya nyumbani hata kama hayalipwi. Mwaka 2018 shirika hilo lilikadiria, kwa takwimu za nchi 64, kwamba watu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kazi hizo, zaidi ya robo tatu zikifanywa na wanawake.

Kisha likaja suala la thamani. Zipo njia mbili zinazotumika sana, na hutoa majibu tofauti kwa sababu zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza inauliza kazi hii ingegharimu kiasi gani kama tungemlipa mtu. Msaidizi wa saa 45 kwa wiki angelipwa 25 kwa mwezi, kwa hiyo saa 62 zinafika 34 hivi. Hicho ni kiwango cha chini, maana saa 11 kati ya hizo zilikuwa za mazoezi na safari za kliniki ambazo mtaalamu angezitoza zaidi. Ya pili inauliza mtu huyu ameacha nini ili aifanye. Hapo jibu ni 70 ya mshahara na 7 ya mwajiri, yaani 77.

Watu wengi wakifika hapa hubishana ni namba ipi ya kweli. Zote mbili zina kazi yake. Ile 34 inakuonyesha pengo litakaloachwa nyumbani kama mama hayupo, kwa hiyo inafaa kwa bima. Ile 77 inakuonyesha alichopoteza, kwa hiyo inafaa kwa mambo ya pensheni na makubaliano ya mali. Hakuna kati yake inayofaa kuwa mshahara ambao mume anamlipa mke. Mume mwenyewe alipendekeza hivyo, kwa nia njema, nami nilimkatalia. Ukishamlipa mwenzako mshahara umejifanya mwajiri wake, na mwajiri hupanga, hukagua na huweza kupunguza. Mshahara unaoingia ni wa nyumba iliyogawana kazi mbili, moja ya nje na moja ya ndani. Kinachogawanywa ni ziada na usalama.

Mshahara wa mume baada ya makato ulikuwa 81. Matumizi ya nyumba, pamoja na rejesho la mkopo wa nyumba waliokuwa wakiutarajia, yalikuwa 58. Zilibaki 23. Tulikubaliana 8 ziende kwenye akaunti ya hiari ya pensheni kwa jina la mke peke yake. 5 ziende kwenye akiba ya dharura ya wote wawili. 3 ziwe za mke na 3 za mume, za kutumia bila kuulizana. 2 ziwe za bima, na 2 zibaki kwa yasiyotarajiwa. Zile 3 kwa 3 watu huziona ndogo, lakini mimi huzishikilia sana. Mke aliniambia kwamba tangu aache kazi alikuwa akiomba fedha ya kusuka, na kila alipoomba alijikuta anaeleza kwanza, ingawa hakuna aliyemtaka aeleze.

Utaona kwamba 8 haifiki ile 14 iliyopotea. Upungufu ni 6 kila mwezi, na kwa miezi 60 unafika 360. Nyumba haikuweza zaidi ya hapo, na kujidanganya kungevunja mpango ndani ya miezi mitatu. Tulichofanya ni kuiandika 360 kama deni la nyumba kwa mke, si la mume kwa mke. Nusu ya kila malipo ya ziada kazini, kama bonasi au malimbikizo, iende kulipunguza kabla ya jambo jingine lolote. Mkoba wa pensheni wa mume wakati huohuo ulikuwa unapokea 20 kila mwezi, 10 zake na 10 za mwajiri. Ziko nchi ambazo sheria inaruhusu michango hiyo igawanywe kati ya wanandoa, na penye njia hiyo mimi huanza nayo. Kwao haikuwepo, ndiyo sababu ya akaunti ya hiari.

Nilisisitiza jambo moja, kwamba hizo 8 zihamishwe na benki yenyewe kwa agizo la kudumu, siku mshahara unapoingia. Zikisubiri mwisho wa mwezi, zinageuka kuwa kile kilichobaki, na kwenye nyumba yenye watoto hakuna kinachobaki.

Hatari kubwa kuliko zote tuliikuta mahali ambapo hawakuwa wameniuliza. Walikuwa wanakaribia kusaini mkopo wa nyumba. Kwa kuwa mke hakuwa na mshahara, mkopo na hati vilikuwa kwa jina la mume. Lakini benki ilitaka mke asaini kama mdhamini. Nilimwomba mke asome kwa sauti kifungu kile. Akasoma, akarudia. Kilimaanisha kwamba mume akishindwa kulipa, benki ingeweza kumdai yeye deni lote, wakati kwenye hati ya nyumba jina lake halipo kabisa. Amebeba mzigo wa deni bila kumiliki hata tofali. Nimewaona wanawake waliosaini hivyo wakiamini kwamba kusaini ndiko kumiliki.

Tulisimamisha saini kwa wiki tatu, mpaka jina la mke lilipoingia kwenye hati. Hapo kuna uamuzi mmoja zaidi ambao afisa wa ardhi au wakili lazima awaeleze kwa sheria ya mahali walipo: kama ni umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa aliye hai, au ni umiliki wa mafungu, ambao fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Wao walichagua wa kwanza. Mwenye watoto wa ndoa ya awali huenda akachagua wa pili, na ana sababu.

Jambo la fomu nalo nalitaja kwa sababu lilimtoa mume jasho. Nilimwomba alete nakala ya fomu ya wanufaika wa pensheni na ya bima ya kazini. Zote alikuwa amezijaza alipoajiriwa, miaka minne kabla ya ndoa, na mnufaika pekee alikuwa kaka yake. Hakuficha chochote, alisahau tu. Sehemu nyingi mfuko humlipa aliyeandikwa kwenye fomu, hata wosia ukisema vingine. Alijaza upya siku ileile, akaomba nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana fomu iliyobaki kwenye droo ya ofisi haimlindi mtu. Watoto hawakuandikwa moja kwa moja kama wanufaika. Mtoto mdogo hawezi kupokea fedha mwenyewe, na hapo huanza safari ya kuteua msimamizi.

Kuhusu bima, wao walikuwa wamefikiria maisha ya mume tu. Niliwauliza mke akifariki au akiumia asiweze kufanya kazi, nani atashika zile saa 62? Kwa kiwango cha chini cha 34 kwa mwezi, mpaka mdogo afike miaka 12, ni miezi 120, yaani 4,080. Hiyo ni karibu mishahara 41 ya mume. Walimkatia bima ya maisha na ya ulemavu inayokaribia kiasi hicho, kwa muda wa miaka kumi tu, kwa sababu hitaji lenyewe linaisha. Kampuni ya kwanza waliyoiendea ilikataa kumwekea kiwango kikubwa kwa madai kwamba hana kipato. Ya pili ilikubali walipopeleka jedwali la saa na bei za kuajiri msaidizi.

Mke alikuwa fundi sanifu wa maabara. Leseni yake ilihitaji ada ya kila mwaka na saa za mafunzo, na mwanzoni waliifuta kwenye bajeti kama anasa. Tuliirudisha. Leseni ikiisha, kurudi kazini kunahitaji mitihani upya, na ile miaka mitano inageuka kuwa saba. Ili apate nafasi ya kusoma, mume alichukua jioni mbili za wiki na Jumamosi asubuhi, ikiwemo kujifunza yale mazoezi ya miguu. Alijifunza kwa wiki mbili, mke akiwa nje ya chumba. Hilo la nje ya chumba lilikuwa sharti langu, kwa sababu mama akiwa mlangoni anasahihisha, na baba anamwachia.

Haya yote waliyaandika kwenye makubaliano ya kurasa tatu. Kila mmoja aliyapeleka kwa wakili wake mwenyewe, baada ya wote kuweka wazi mali na madeni yao, kwa kuwa makubaliano ambayo mmoja aliyasaini bila ushauri au bila kujua mali ya mwenzake ni rahisi kubatilishwa. Yaliandika kwamba kuacha kazi ulikuwa uamuzi wa wote wawili, yakaambatanisha muhtasari wa daftari la saa, na yakataja 77 kama kipato kilichoachwa. Katika mahali ambapo mahakama huangalia mchango wa kila mmoja katika kuchuma mali, ukurasa huo ni ushahidi ambao ni vigumu sana kuutengeneza miaka kumi baadaye. Wakili wa mke alimwambia pia ukweli kwamba jaji halazimiki kufuata kila neno la karatasi ile, na kwamba haki za watoto za kutunzwa haziwezi kusainiwa zikaondolewa.

Mpango uliyumba mwezi wa saba. Mwajiri wa mume alichelewesha mishahara, na ilipokuja ilikuja nusu. Mume alisimamisha lile agizo la benki "kwa muda kidogo". Hakumwambia mkewe, si kwa ubaya, aliona aibu. Niligundua kwa sababu katika kila kikao huomba taarifa ya akaunti ya pensheni ya mke, nami hutazama tarehe kabla ya kutazama jumla. Miezi mitatu haikuwa na kitu. Rejesho la benki lilikuwa limelipwa, na mchango wa mume kwenye mfuko ulikuwa umekatwa kama kawaida. Kilichokatwa kwanza kilikuwa kile kisichokuwa na mtu wa kukidai.

Tuliongeza kifungu. Kipato kikishuka, zile 3 kwa 3 zinakatwa kwanza kwa wote wawili, kisha akiba ya dharura inatumika, kwa kuwa hiyo ndiyo dharura yenyewe. Mchango wa mke ukilazimika kupungua, unapungua kwa sehemu ileile ambayo kipato kimepungua, na kilichokosekana kinaingia kwenye deni. Na taarifa ya akaunti ikawa inafika kwenye simu ya mke moja kwa moja. Zile 24 za miezi mitatu zilipanda juu ya 360, ikawa 384.

Mtoto mdogo alianza kutembea bila kushikwa karibu na mwisho wa mwaka wa tatu, mapema kuliko walivyopanga, na mke akarudi maabara mwaka wa nne kwa nusu siku. Alianza kwa mshahara wa chini kuliko aliouacha, hata ukiuhesabu kwa saa. Kwa kuwa muda ulikuwa umefupika na bonasi mbili zilikuwa zimeingia, tulipiga hesabu ya deni upya siku alipopokea mshahara wa kwanza, tukakuta limebaki 130. Mume aliuliza kama sasa linaweza kufutwa, maana mke ana kazi. Mke akafungua simu, akamwonyesha tarehe za michango, miezi yenye 8 ambapo zingekuwa 14. Wakaliacha kwenye karatasi, na agizo la benki likaongezwa kutoka 8 hadi 11.